Ada ya chuo ya mwaka 2038 inaanza na elfu 70 za mwezi huu

Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2026 hatafika darasa la saba. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6, kwa hiyo atamaliza mwaka 2031, ataingia kidato cha kwanza 2032, atamaliza cha sita katikati ya 2038, na chuo kitamfungulia mlango mwishoni mwa mwaka huo huo. Wazazi wengi bado wanahesabu kwa kalenda ya zamani, ile ya miaka 7, na hesabu yao imechelewa mwaka mzima. Ninaanzia hapa kwa sababu katika akiba ya chuo tarehe ndiyo inayojulikana kwa uhakika kuliko kitu kingine chochote. Kiasi cha ada hatukijui, wala riba za mwaka 2033 hatuzijui. Oktoba 2038 tunaijua, na mpango mzima hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Tuchukue familia ya Arusha. Baba ni dereva wa kampuni ya utalii, mama anauza ndizi soko la Kilombero, na mtoto wao wa kwanza ana miaka 6. Wanataka aende chuo asome shahada ya miaka 3, bila kuuza kitu na bila kukopa kwa haraka.

Chuo kitawagharimu nini? Ada ya shahada nyingi kwenye vyuo vya umma leo huzunguka kati ya milioni 1 na milioni 1 na nusu kwa mwaka. Ada hiyo ndiyo sehemu ndogo. Chumba, chakula, nauli, kompyuta, vitabu na mafunzo kwa vitendo hula zaidi yake. Tuseme jumla ni milioni 4 kwa mwaka kwa bei za leo. Udaktari ni miaka 5, na kwenye vyuo binafsi ada yake ni mara kadhaa ya hiyo, kwa hiyo mzazi anayeota koti jeupe afanye hesabu yake mwenyewe kwa njia hii hii.

Sasa bei zipande. Mimi hutumia asilimia 5 kwa mwaka. Miaka ya karibuni mfumuko wa bei nchini umekuwa chini ya hapo, lakini Desemba 2011 ulikaribia asilimia 20, na mpango wa miaka 12 lazima ukumbuke kuwa miaka ya namna hiyo hutokea. Kwa asilimia 5, milioni 4 za leo zinakuwa kama milioni 7.2 mwaka 2038, milioni 7.5 mwaka unaofuata, na milioni 7.9 mwaka wa tatu. Jumla ni takriban milioni 22.6.

Namba hiyo huwatisha watu wakaacha kabisa, ndiyo maana ni bora kuigawa mara moja. Kuanzia Januari 2026 hadi Juni 2038 ni miezi 150. Ukiweka fedha kwenye kibubu kisichozaa chochote, unahitaji kama 151,000 kila mwezi. Ukiziweka mahali panapozaa asilimia 8 kwa mwaka, na faida ikarudishwa ndani badala ya kuliwa, unahitaji kama 88,000. Na ukikubali kuanza na kidogo kisha ukaongeza asilimia 5 kila Januari, unaanza na 70,000 tu. Mwaka wa pili inakuwa 73,500, na mwaka wa mwisho inafika kama 126,000. Njia hii ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu kipato cha watu wengi hupanda taratibu pamoja na bei, na mchango unaopanda pamoja nacho hauumi. Mchango usiopanda kamwe huonekana mwepesi mwanzoni, lakini kufikia kidato cha nne unakuwa umepoteza karibu theluthi moja ya nguvu yake na mwenyewe hajagundua.

Asilimia 8 nimeichagua kwa makusudi iwe chini. Hatifungani ndefu za serikali, yaani mikopo ya miaka mingi ambayo wananchi huikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya hapo kwa miaka mingi. Lakini Aprili 2022 kiwango cha hatifungani ya miaka 25 kilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56 kwa mara moja, na aliyekuwa amepanga maisha yake juu ya ile 15.95 alilazimika kupanga upya. Ukipata zaidi ya 8, mtoto atakuwa na ziada. Ukipata asilimia 5 tu, mpango huu wa elfu 70 utaishia karibu milioni 19, yaani utapungukiwa na kama nusu ya mwaka wa tatu. Hilo linabebeka. Kuchelewa kuanza ndiko kusikobebeka: familia hii ikisubiri mpaka mtoto afike kidato cha kwanza, itahitaji kama 222,000 kila mwezi kwa lengo lile lile.

Je, elfu 70 inawezekana? Swali hili lisijibiwe Agosti. Kwa dereva wa utalii, Julai hadi Oktoba fedha ipo na posho za wageni zipo, kila kitu kinaonekana chepesi. Lijibiwe Aprili na Mei, mvua zinaponyesha, magari yamepaki, na ndizi za Kilombero zinauzwa kwa wateja wachache waliochoka na matope. Kiasi cha kila mwezi ni kile kinachowezekana katika mwezi mbaya wa kawaida, na kama mwezi mbaya unatoa 40,000, basi anza na 40,000 ujue kuwa utagharamia sehemu ya chuo, siyo chote. Au fanya wanavyofanya wenye kipato cha msimu waliojipanga: Agosti wanatenga 140,000 pembeni, kwenye akaunti nyingine, na hizo ndizo zinazolipa mchango wa Aprili na Mei. Kipato kinapanda na kushuka, ila mchango wa mtoto haujui.

Ila kuna mwezi mbaya wa kawaida, na kuna mwaka 2020. Wageni walipoacha kuja kwa sababu ya korona, madereva wengi wa Arusha walikaa miezi bila safari hata moja. Hapa ndipo penye jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote, kwa sababu watu hulichukulia kinyume. Tuseme jambo kama hilo litokee tena mwaka 2030, na familia yetu isimamishe michango miezi 6. Mchango wa mwaka huo utakuwa kama 85,000, kwa hiyo wameruka kama 510,000. Ukijumlisha faida ambayo fedha hizo zingezaa mpaka 2038, hasara yote haifiki milioni 1. Katika mpango wa milioni 22 na zaidi, hilo ni pengo la asilimia 4 hivi. Sasa tuseme mwaka huo huo, badala ya kusimama tu, wamechota milioni 3 kutoka kwenye akiba. Milioni 3 hizo zingekuwa karibu milioni 5.7 kufikia 2038. Ni robo nzima ya chuo imeondoka.

Kusimama ni jambo dogo, kuchota ni jambo kubwa. Na bado mzazi aliyeruka miezi miwili huona aibu na kukata tamaa, akasema mpango umekufa, halafu anachota zilizobaki azitumie kwa jambo lingine kwa kuwa umekufa tayari. Nimeona akiba nyingi zikiisha hivyo, kwa huzuni isiyo ya lazima. Ukiruka, ruka, kisha rudi mwezi unaoweza, bila kulipa deni la nyuma.

Na ili usichote, lazima kuwe na fedha nyingine ya kuchota. Kabla ya shilingi ya kwanza ya chuo, familia iwe na akiba ya dharura, walau matumizi ya miezi mitatu, mahali pengine kabisa. Ugonjwa, msiba, gari la mwajiri kusimama, yote hayo yapate mlango wao. Ikibidi miezi 6 ya kwanza yote iende huko na chuo kisubiri, ni sawa.

Tukija kwenye mahali pa kuweka, nianze na pale ambapo watu wengi wa Arusha na Moshi tayari wana fedha zao, yaani kikundi na SACCOS.

VICOBA na vikundi vya kuweka na kukopa huvunjwa kila mwisho wa mwaka, wanachama wakagawana. Kama njia ya kukusanya elfu 70 za kila mwezi ni nzuri, kwa sababu wenzako wanakudai na hutakosa. Tatizo ni tarehe ya kugawana. Desemba ndiyo wakati wa kupanda mlimani kwa sikukuu, mbuzi, sare za watoto, michango ya ukoo, na Januari ada za shule zinabisha hodi. Fedha ya mgao ikifika mfukoni tarehe 15 Desemba haifiki 2038. Anayetumia kikundi kwa ajili ya chuo, asubuhi ya mgao aihamishe sehemu ya mtoto kabla ya kurudi nyumbani.

SACCOS ina jambo lake ambalo halisemwi sana. Akiba yako ndani ya SACCOS ndiyo dhamana ya mkopo wako, na mara nyingi ndiyo dhamana ya mkopo wa mwenzako uliyemsainia. Mwenzako akishindwa kulipa, akiba inakatwa. Kwa maneno mengine, fedha ya chuo cha mtoto wako inamdhamini mtu mwingine kununua bodaboda. Tena akiba hiyo kwa kawaida huitoi yote bila kuacha uanachama. SACCOS nyingi zina amana za hiari zilizo mbali na akiba ya lazima. Kama unataka kuweka fedha ya mtoto huko, uliza kama amana hiyo inahesabika kwenye udhamini, na usome masharti mwenyewe. Pia ujue kuwa Bodi ya Bima ya Amana hulinda wateja wa mabenki na taasisi za fedha zilizo chini ya Benki Kuu. Fedha ya SACCOS haimo.

Benki ya kawaida, hata akaunti ya mtoto yenye jina zuri, ni mahali pa kupitishia. Riba yake ni ndogo, na makato yanaweza kuimaliza. Umuhimu wake ni agizo la kudumu: unaiambia benki kila tarehe 3 itoe 70,000 ipeleke unakotaka, na mkono wako haupiti hapo katikati.

Unakotaka, kwa miaka 9 ya kwanza, ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS, ambayo ni ya serikali, inaendesha mifuko kadhaa, ukiwemo Mfuko wa Watoto ulioanzishwa mwaka 2008 mahususi kwa ajili hii, na Mfuko wa Hatifungani ulioanza 2019. Unanunua vipande. Fedha yako inachanganywa na za wengine, inanunua hatifungani, amana za benki na, kwa baadhi ya mifuko, hisa. Bei ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi, unauza vipande unapohitaji na fedha inakuja benki baada ya siku chache. Kiasi kidogo kinakubalika na unaweza kulipa kwa simu. Ukichagua mfuko usiogawa faida, faida inabaki ndani ya bei ya kipande, haikujii mkononi, na kwa akiba ya mtoto hilo ndilo zuri lake kuu.

Mipaka yake iko wazi. Hakuna aliyekuahidi bei ya kipande, na mfuko wenye hisa nyingi unaweza kushuka ukakaa chini mwaka mzima. Mifuko ya namna hii haiko chini ya bima ya amana. Kwa miaka 12 ya kusubiri, mshuko wa mwaka mmoja hauniogopeshi. Kwa miezi 12 iliyobaki, unaniogopesha sana, na nitalirudia hilo hapo chini.

Wengine wataniambia, kwa nini usinunue hatifungani yenyewe? Inawezekana, kuanzia shilingi milioni 1, kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa. Hatifungani za serikali za miaka mitatu na kuendelea hazikatwi kodi ya riba, wakati riba ya amana ya muda maalumu benki inakatwa asilimia 10. Lakini angalia mambo mawili. La kwanza ni tarehe ya kuiva. Ya miaka 10 iliyonunuliwa 2026 inaiva 2036, vizuri. Ya miaka 15 inaiva 2041, ada ya mwaka wa mwisho wa chuo imeshadaiwa. Kuiuza kabla ya kuiva inawezekana sokoni, ila bei utakayoikuta inaweza kuwa chini ya uliyotoa kama riba za hatifungani mpya zimepanda.

La pili ni ile riba inayolipwa kila miezi 6. Chukua milioni 1 kwa asilimia 12: kila nusu mwaka akaunti yako inaingia 60,000. Inaingia kimya kimya kwenye akaunti ile ile ya matumizi, na inaondoka na luku na vocha. Miaka 10 ikiisha unarudishiwa milioni yako 1, ambayo kwa bei kupanda asilimia 5 kwa mwaka itanunua vitu vya kama 614,000 za leo. Akiba imepungua, na serikali imelipa kila senti iliyoahidi. Mwenzako aliyeelekeza zile 60,000 moja kwa moja kwenye mfuko wa vipande unaozaa asilimia 8, ana karibu milioni 2.8 mkononi siku hiyo hiyo. Hatifungani ni ile ile. Kwa hiyo anayenunua hatifungani kwa ajili ya mtoto, aielekeze riba kwenye akaunti ambayo haina kadi.

Kuhusu kiwanja cha Kisongo au Boma Ng'ombe, ambacho kila mjomba atakushauri: ni mali, na huenda kikapanda kuliko vyote nilivyotaja. Lakini chuo kinadai milioni 7 na kitu mwezi Oktoba, na kiwanja hakikatwi kipande. Anayeuza ardhi akiwa na barua ya chuo mkononi anauza kwa bei ya mnunuzi. Na kwa wanaoahidi faida ya mwezi inayozidi faida ya mwaka ya hatifungani, inatosha kukumbuka upatu wa DECI, ambapo watu walipanda mbegu wakisubiri kuvuna mpaka serikali ilipoifunga mwaka 2009.

Kila Januari, siku ya kuongeza ile asilimia 5, angalia salio. Mpango huu ukienda sawa, mwisho wa 2030 unapaswa kuwa na kama milioni 5.6, na mwisho wa 2034 kama milioni 13. Ukikuta pungufu, tafuta sababu: ulichota, uliruka, au mahali penyewe hapazai? Kama hukuchota wala hukuruka, na salio la 2030 halizidi milioni 4.6 ambazo ni jumla ya ulichoweka mwenyewe, fedha hiyo haizai, hamisha.

Januari 2035 mtoto yuko kidato cha nne, na sheria zinabadilika. Kuanzia hapo, usinunue chochote kitakachoiva baada ya siku ya matumizi yake. Fedha ya mwaka wa kwanza wa chuo, zile milioni 7.2, iondolewe taratibu kwenye mifuko yenye hisa, robo kila baada ya miezi 6 kwa mfano, ipelekwe kwenye amana ya muda maalumu au mfuko wa ukwasi, ule ambao fedha yake hutoka haraka, iwe imetulia yote kufikia mwisho wa 2037. Faida itapungua, na ni sawa kabisa. Fedha ya mwaka wa pili iondoke mwaka mmoja baadaye. Ya mwaka wa tatu ina mpaka Oktoba 2040, kwa hiyo inaweza kukaa kwenye hatifungani ya miaka 2 itakayonunuliwa mapema 2038. Bima ya amana kwa sasa inafika milioni 7.5 kwa kila mteja katika kila benki, kwa hiyo ukifika hatua hii gawanya kwenye benki mbili.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo uombwe kama mtoto ana sifa, na ukija, hela ya nyumbani itapungua kazi. Ila anayekopa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake atakapoajiriwa, na kila mwaka mliolipa wenyewe ni mwaka ambao deni hilo halikuongezeka.

Limebaki jambo moja ambalo wazazi hulikwepa. Akiba hii ikiwa kwa jina la baba peke yake na baba akafariki 2033, fedha inaingia kwenye mirathi: kikao cha ukoo, msimamizi, mahakama, na miezi inapita huku mashemeji na baba wadogo wakiwa na mawazo yao. Mfuko wa Watoto huandikishwa kwa jina la mtoto mwenyewe chini ya mzazi, na hatifungani au akaunti inaweza kuwa ya majina mawili. Mama wa Kilombero awe na saini yake, namba za akaunti ziandikwe kwenye daftari moja, na mtu wa tatu anayeaminika ajue daftari hilo liko wapi. Bima ya maisha ya muda, ile isiyo na akiba ndani yake, inaweza kufunika kiasi kilichobaki kufikia lengo. Bima ya elimu inayochanganya akiba na ulinzi ni ghali zaidi, na ukiivunja miaka ya mwanzo unarudishiwa kidogo sana kuliko ulicholipa, kwa hiyo kabla ya kusaini omba wakuandikie utapata shilingi ngapi ukiacha mwaka wa pili, wa nne na wa sita.